Mchana kuingia usiku kwenye bakgraundi moja: kufifisha picha tu hakutoshi

Wengi tunaofanya katuni hapa Dar tukiambiwa mchana ugeuke usiku ndani ya shoti moja, cha kwanza kinachotujia ni kuchora picha mbili, ya jioni na ya usiku, halafu moja inafifia huku nyingine inajitokeza. Mteja anaona kuna kitu hakijakaa sawa ila hawezi kusema ni nini. Sasa simamisha pale katikati uangalie: vivuli vya jua vipo nusunusu, taa za madirisha zimewaka nusunusu, na anga limekuwa kahawia ya matope. Hilo la anga ni hesabu tu. Rangi ya chungwa yenye 255,160,60 ukiichanganya sawasawa na buluu ya usiku ya 30,50,110 unapata kama 142,105,85, na hiyo rangi hujawahi kuiona angani hata siku moja.

Kinachofanya macho yakubali kwamba muda umepita sio giza kuongezeka, ni kubadilishana zamu ya nani anang'aa kuliko mwenzake. Mchana anga na ukuta wenye jua vinagombania ukubwa. Jua likishazama, ukuta unazimika haraka ila anga bado lina mwanga, kwa hiyo mnazi na mabati yanabaki meusi mbele yake. Usiku wenyewe anga nalo linashuka na dirisha lenye taa ndo linakuwa bosi. Zamu tatu hizo, na ile ya kati ndo watu wanairuka.

Chukua mtaa wa Temeke, mwezi wa sita. Kamera inaangalia kusini, kuna ukuta wa krimu, duka la mangi, kanga nyekundu kwenye kamba, mnazi nyuma. Jua liko kulia, vivuli vinalalia kushoto. Shoti ni sekunde 8, yaani fremu 192 kwa fremu 24 kila sekunde.

Mtaa naupaka kwanza rangi zake tupu, bila jua wala kivuli, halafu juu yake naweka leya moja ya buluu ya 60,75,120 kwenye `Multiply`, nayo ndo inayoleta usiku. Ukuta wa 240,225,190 unashuka mpaka kama 56,66,89, unakuwa wa kibuluu wenyewe bila kuupaka upya, na ile kanga ya 200,40,40 inaenda 47,12,19, karibu nyeusi kabisa, na ndivyo ilivyo kweli maana nyekundu ndo inawahi kupotea machoni giza likiingia. Ila `Multiply` inajua kupunguza tu, haiwezi kuangaza kitu, kwa hiyo anga usiliweke chini yake. Anga liwe leya zake peke yake na liwe na picha tatu: mchana, magharibi na usiku. Ile ya magharibi naipitisha kwenye waridi na zambarau chini, buluu ya kina juu, ili chungwa isikutane na buluu ya usiku uso kwa uso.

Vivuli nao wana leya yao. Naviegemeza pale kitu kinapogusa ardhi halafu navivuta virefuke, lakini jua likizama havigeuki kuwa vivuli vya usiku, vinalegea kingo na kuisha. Kinachobaki ni kale kaweusi kembamba chini ya kitu, ukikafuta duka linaanza kuelea.

Taa ndo pa kuwa makini zaidi, maana taa haiwaki polepole, mtu anabonyeza swichi. Kwa hiyo ile tyubu ya mangi naiwasha ndani ya fremu moja au mbili, na mwanga wake unaomwagika chini kwenye vumbi uwe leya ya `Add` inayowaka fremu hiyohiyo. Madirisha mengine yafuate kwa kuachana achana, moja likae giza mpaka mwisho wa shoti. Na taa ya kwanza iwake anga likiwa bado na mwanga, watu hawasubiri giza totoro.

Mwendo usiugawe sawasawa. Huku kwetu jua linashuka karibu wima, mwezi wa sita linazama kama saa kumi na mbili na robo na nusu saa baadaye ni giza, sio kama nchi za kaskazini ambako jioni inajikokota. Kwa hiyo naacha mchana utulie mpaka kama fremu ya 50, mabadiliko makubwa yanatokea kati ya 70 na 140, kilichobaki ni usiku na taa.

Kupima, geuza shoti yote iwe nyeusi na nyeupe ucheze. Kama anga, ukuta na dirisha havijapokezana kuwa angavu zaidi, rudi kwenye anga la magharibi kwanza kabla hujagusa rangi nyingine yoyote, mara nyingi linakuwa limewekwa giza mno na mapema mno.