Gunia la viazi la kuchangia: nani anunue, na kwa muda gani

Tangu majirani waanze kuchangishana pesa kwenye makundi ya WhatsApp na kwenda masoko ya Ilala au Mabibo alfajiri, malalamiko yanayotufikia ofisini ni ya aina moja: viazi vimeota, vitunguu vimeoza shingoni, nyanya zimevujia kapu siku ya tatu. Wengi wanataka muuza sokoni achukuliwe hatua. Mara nyingi muuza hana kosa. Mnunuzi alichukua kitu cha siku mbili akitaka kikae mwezi.

Tuchukue kaya ya watu sita jijini Dar es Salaam inayotumia viazi mviringo kilo tatu kwa wiki, vitunguu kilo mbili na nyanya kilo tatu. Gunia la kilo mia la viazi lingeichukua zaidi ya wiki thelathini kulimaliza. Kwa joto la Dar, viazi ndani ya nyumba havifiki hata wiki sita bila kuchipua au kunywea, kwa hiyo hesabu hapo imekwisha. Wakigawana kaya kumi, kila moja inapata kilo kumi, yaani wiki tatu na kidogo. Hapo gunia lina maana.

Viazi vya kukaa wiki tatu vipimwe kwa kidole gumba. Sugua ganda: likibanduka, kiazi kimevunwa kichanga na kitanywea upesi, kipike wiki hii. Vilivyooshwa vikang'aa viache, kwa kuwa maji yamekwisha kuingia kwenye michubuko, na udongo mkavu hauna ubaya wowote. Nyumbani viweke gizani penye hewa. Ile rangi ya kijani inayotokea kwenye ganda si ubichi, ingawa ndivyo tunavyoambiwa kila siku. Inatokana na mwanga, na huambatana na sumu iitwayo solanini ambayo kuchemsha hakuiondoi. Sehemu ndogo ikatwe kwa kina, kiazi kilichogeuka sana kitupwe.

Kitunguu ndicho cha kununua kwa wingi, na ndicho watu wanachokiogopa. Kilichokaushwa vizuri huvumilia joto la nyuzi 25 hadi 30 kuliko ubaridi wa wastani, maana huchipua haraka zaidi kati ya nyuzi 10 na 20. Adui yake mkubwa kwa pwani ni unyevu. Kilo nane za mwezi mzima zichaguliwe kwa shingo: iwe nyembamba, imesinyaa, ukiibonyeza haizami. Vitunguu vikubwa vyenye shingo nene vinavutia macho, lakini shingo hiyo haikauki hadi ndani na uozo huanzia hapo. Chukua vya ukubwa wa kati, maganda yakiwa makavu na yanachakarika. Vining'inize kwenye wavu, mbali na viazi, kwa kuwa viazi hutoa unyevu. Mfuko wa nailoni usitumike kabisa.

Nyanya hazinunuliwi za mwezi, hata kama tenga limeshuka bei. Wiki hiyo ya kilo tatu igawe: kilo moja zilizoiva za leo na kesho, moja zilizo nusu nyekundu, na moja zilizoanza tu kugeuka rangi kwenye kitako. Zote ziwe ngumu, hazina ufa. Zipange safu moja, kikonyo chini, ukitoa kila siku ile iliyolainika. Zisizoiva zisiingie kwenye friji, ubaridi huzizuia kuiva vizuri hata ukizitoa. Aliyekwisha nunua tenga azichemshe na kuzisaga siku hiyo hiyo, azigandishe.

Sasa kuhusu lumbesa, kwa sababu wanaochangia magunia wanaipenda wakidhani wanafaidika. Chini ya Sheria ya Vipimo, Sura 340, mazao hayapaswi kufungashwa kwa uzito unaozidi kilo mia kwa gunia, na kosa hilo lina faini au kifungo, au vyote viwili. Kile kilemba cha juu kilichoshonewa kamba hufanya viazi vya chini vigandamizwe na kuchubuka, na huko ndiko uozo unakoanzia kabla hujafika nyumbani. Kama unashuku gunia limezidi au limepungua, usilifungue. Litie kwenye mizani yenye stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo, ambayo mmiliki huipeleka ihakikiwe kila mwaka, andika uzito, jina la soko na tarehe, kisha peleka taarifa ofisi ya Wakala ya mkoa wako ukiwa na risiti kama unayo. Gunia likishafunguliwa na kugawanywa kwa ndoo na sado, hakuna tena cha kupima. Na tafadhali, kitunguu kilichooza baada ya wiki mbili kwenye mfuko wa nailoni chini ya sinki si suala la vipimo.