Alama za mchakato si alama za huruma

“Tukitoa alama za mchakato, si tutakuwa tunamzawadia mwanafunzi kwa kujitahidi tu, hata kazi yake ikiwa mbovu?”

Hapana, ilimradi kila kigezo kitaje ushahidi unaoonekana. Neno “bidii” halipimiki, hivyo lisiwemo kabisa. Chukua jalada la kazi za mwanafunzi wa sanaa lenye chapa za linoliamu, yaani picha zinazochongwa kwenye bapa la linoliamu, kupakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi. Lina alama 100: mchakato 30, mbinu 30, tafakuri 20 na kazi iliyokamilika 20. Ngazi ya juu ya mchakato isomeke hivi: “Chapa za majaribio zimehifadhiwa kwa mfuatano, na angalau uamuzi mmoja umebadilika kutokana na kilichoonekana katika chapa iliyotangulia.”

Tuseme mwanafunzi amechonga jahazi. Katika chapa ya kwanza wino ulikuwa mwingi ukaziba mistari myembamba ya tanga. Katika ya pili alipunguza wino, weusi ukawa na mabaka. Kabla ya ya tatu aliichonga mistari upya, kwa upana zaidi, na tanga likaonekana vizuri. Huyo anastahili 26 za mchakato, ingawa chapa yake ya mwisho imekaa upande kwenye karatasi na inampunguzia alama za mbinu. Mwenzake aliyeleta chapa moja safi, bila jaribio lolote, hulipwa mbinu yake kikamilifu, lakini mchakato wake hauvuki 8.

Tafakuri ndiyo hughushiwa kwa urahisi. “Nilijifunza mengi” haipati kitu; “nilipanua mistari kwa sababu wino uliiziba” inapata, kwani mwalimu anaweza kuihakiki kwenye chapa zenyewe. Ufasaha wa lugha usihesabiwe hapa, na anayeshindwa kuandika aeleze kwa mdomo.