Mwenye akaunti ya ofisi kaondoka na hapatikani: anzeni na domeni

Hapa Tabora, kazi ninayoitiwa mara nyingi kwenye vyama vya ushirika na asasi ndogo huwa ni hii: barua pepe za ofisi ziko Google Workspace, na aliyezifungua kijana mmoja wa kompyuta ameshaondoka. Ofisi inaweza kukaa muda mrefu bila kugundua, kwa sababu akaunti za kawaida zinaendelea kupokea na kutuma kama kawaida. Tatizo linajitokeza siku mhasibu mpya anapohitaji anwani yake, au katibu anapopoteza simu na kusahau neno la siri, na hakuna anayeweza kumfungulia.

Mfano mzuri ni chama kimoja cha wafuga nyuki nilichokihudumia. Katibu alikuwa na cheo cha usimamizi kwenye akaunti ile, kwa hiyo aliamini ana mamlaka yote. Tulipofungua `admin.google.com` tukaona cheo chake ni `User Management Admin`. Cheo hicho kinamruhusu kuongeza watumiaji na kuwabadilishia neno la siri wafanyakazi wa kawaida, lakini hakimruhusu kumgusa mwenye cheo cha `Super Admin`, wala kumpa mtu mwingine cheo hicho. `Super Admin` alikuwa mmoja tu, yule kijana, na namba yake ilikuwa haipatikani.

"Kwani mwanangu, si sisi ndio tunaolipa?" mama katibu akaniuliza. Ni kweli wao ndio wanaolipa, lakini risiti ya malipo peke yake haiifungui akaunti.

Kabla ya yote, mtafuteni mhusika kwa bidii, hata kupitia ndugu zake. Akipatikana na akakubali, kazi ni ya dakika chache: anaingia, anafungua `Directory`, kisha `Users`, anachagua jina la mrithi, anafungua `Admin roles and privileges` na kuwasha `Super Admin`. Asipopatikana, msijaribu kukisia neno lake la siri, wala kumtuma mtu akarudishe laini yake ya simu. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila idhini kunaweza kuwaingiza kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyake. Ninalisema hili kwa uzito, maana nimewasikia viongozi waungwana kabisa wakilipendekeza wakidhani ni njia ya mkato tu.

Wengine hukimbilia kufungua akaunti mpya kwa domeni ileile, yaani jina la ofisi linalofuata alama ya @ kwenye anwani zao. Google itawakatalia, kwa sababu domeni hiyo tayari ina akaunti. Wakihamia kampuni nyingine ya barua pepe, barua zote za zamani zinabaki kule wasikoweza kuingia.

Njia halali ipo, na inashangaza wengi. Katika hatua inayoamua, Google haihitaji kujua mwenyekiti wenu ni nani. Inataka kuona nani anaitawala domeni. Unajaza fomu ya kurejesha usimamizi iliyopo `toolbox.googleapps.com/apps/recovery/form`, ukiweka jina la domeni na anwani ya barua pepe unayoweza kuifungua, ya nje ya domeni hiyo. Unapewa namba ya kumbukumbu, kisha unaambiwa uweke rekodi ya `CNAME` kwenye DNS ya domeni, yaani orodha inayoelekeza barua na tovuti za domeni ziende wapi: jina la rekodi ni namba ile, na inaelekezwa `google.com`. Rekodi hiyo haiathiri barua wala tovuti. Ikionekana, Google inajua aliyeomba ana funguo za domeni, na utaratibu wa kuweka neno jipya la siri unaendelea kwenye anwani uliyoitoa.

Kwa hiyo kazi kubwa huwa kwenye domeni. Ile ya chama chetu ilikuwa ya `.or.tz`. Tuliiuliza kwa `whois`, huduma inayoonyesha domeni imesajiliwa kwa jina la nani, tukaona mmiliki ameandikwa chama chenyewe, ila barua pepe ya mawasiliano ni ya binafsi ya yule kijana. Hapo nikapumua, kwa sababu jina la mmiliki ndilo lenye uzito mkubwa. Viongozi walimwandikia msajili wa domeni barua yenye mhuri, wakaambatanisha cheti cha usajili wa chama, muhtasari wa kikao uliotaja mtu wa kukabidhiwa, vitambulisho vya mwenyekiti na katibu, na risiti ya malipo ya mwaka iliyokutwa kwenye faili la mhasibu. Kwa chama cha ushirika, barua ya Mrajis Msaidizi inayothibitisha viongozi waliopo madarakani inasaidia sana. Msajili akabadilisha anwani ya mawasiliano, na chama kikaingia kwenye paneli ya domeni.

Lau domeni ingeandikwa jina la kijana mwenyewe, hali ingekuwa ngumu mno. Msajili angemhesabu yeye kuwa mwenye mali, na bila sahihi yake mngebaki kwenye mvutano wa kisheria.

Kabla ya kuweka rekodi, angalia DNS inahudumiwa wapi. Huenda domeni imenunuliwa kampuni moja na DNS yake iko kwingine, na rekodi ukiiweka pasipohusika haitaonekana kamwe. Amri ya kwanza hapa chini inataja seva zinazohusika, na ya pili inaonyesha kama rekodi imekubali. Jina na namba ni vya kuonyeshea tu.

```
dig +short NS mfano.or.tz
dig +short CNAME 48213377.mfano.or.tz
```

Jibu la amri ya pili linatakiwa liwe `google.com.` na si kingine. Likiwa tupu, mara nyingi ni kwa sababu paneli imeongeza jina la domeni yenyewe: mtu ameandika jina zima, ikazaliwa `48213377.mfano.or.tz.mfano.or.tz`. Rudi uandike namba peke yake. Likibaki tupu, na DNS inahudumiwa na kampuni ya Cloudflare, huenda rekodi imewekwa `Proxied`. Igeuze iwe `DNS only`. Vikiwa sawa, subiri. Mabadiliko ya DNS yanaweza kuchukua hata siku mbili kuenea, na kubadilisha badilisha rekodi kunachelewesha tu. Wakati huo wote usiguse rekodi za `MX`, maana ndizo zinazoleta barua.

Tulipoingia, jambo la kwanza lilikuwa kuwapa `Super Admin` watu wawili, kila mmoja kwa akaunti yake. Ndipo tukaigeukia akaunti ya kijana: tukabadilisha neno la siri, tukaondoa namba yake ya kurejeshea, tukamtoa kwenye vifaa vyote alivyokuwa ameingia, tukamvua cheo. Hatukuifuta. Akaunti iliyofutwa inarejesheka ndani ya siku 20 tu, na mafaili ya ofisi yalikuwa chini ya jina lake. Tuliyahamisha kwanza kwa `Transfer ownership`, kwenye mipangilio ya `Drive and Docs`, yakawa ya katibu.

Orodha ya wanachama na mizinga yao haikuwemo. Kijana aliitengeneza kwenye Gmail yake binafsi, na faili la namna hiyo ni la mwenye Gmail hiyo, hata ukiwa na usimamizi wote wa domeni. Bahati nzuri mhasibu alikuwa ameruhusiwa kuihariri, kwa hiyo tukachukua nakala kwa `Make a copy` ndani ya akaunti ya chama siku hiyohiyo, kabla ruhusa ile haijaondolewa.