Je, wajua kwa nini marejesho ya mwanzo ya mkopo humezwa na riba?

"Mwanangu, nimelipa mwaka mzima, zaidi ya milioni tatu. Mbona deni limepungua milioni moja na kitu tu? Hizo nyengine zimekwenda wapi?"

Shangazi yangu ni mwalimu wa skuli huko Wete, Pemba. Swali lake lilikuja WhatsApp saa tatu usiku, na chini yake picha ya karatasi iliyowekwa juu ya mkeka, imekunjwa mara nne, na kivuli cha simu yenyewe kimeangukia pembeni. Ilikuwa ratiba ya marejesho ya mkopo wake: milioni 10, riba asilimia 18 kwa mwaka, miezi 60. Kila mwezi mshahara unakatwa shilingi 253,934.

Fedha zake hazikuibiwa, na jibu lote limo ndani ya karatasi ile. Kwanza nilipanua picha mpaka juu kabisa, kwenye vichwa vya safu. Ratiba nyingi huandikwa kwa Kiingereza hata kama mkataba ni wa Kiswahili, na ya shangazi ilikuwa hivyo: `Payment` ni rejesho lenyewe, `Interest` ni riba, `Principal` ni sehemu inayopunguza deni la msingi, na `Balance` ni deni linalobaki. Mistari mitatu ya mwanzo ilisomeka hivi:

```
No  Payment  Interest  Principal  Balance
1   253,934  150,000   103,934    9,896,066
2   253,934  148,441   105,493    9,790,573
3   253,934  146,859   107,075    9,683,498
```

Tazama mstari wa kwanza. Asilimia 18 kwa mwaka ukiigawa kwa miezi 12 unapata moja na nusu kwa mwezi. Maana yake kila milioni uliyokaa nayo ina kodi yake, shilingi 15,000 kwa mwezi, kama vile umepanga chumba. Shangazi mwezi wa kwanza alikuwa amekaa na milioni 10 nzima, kwa hiyo kodi ni 150,000. Amelipa 253,934, kodi imechukua chake, kilichobaki ni 103,934. Hicho tu ndicho kilichopunguza deni.

Sasa shuka mstari wa pili, hapa ndipo penye siri. Deni limepungua kwa 103,934, basi kodi ya mwezi unaofuata nayo imepungua, lakini kidogo mno: shilingi 1,559. Rejesho halibadiliki, linabaki 253,934, kwa hiyo ile 1,559 iliyotoka kwenye riba inahamia upande wa deni la msingi. Toa 103,934 kwenye 105,493 utaiona imekaa pale. Mwezi wa tatu inahama nyengine, kubwa kidogo kuliko hiyo. Ratiba nzima ya miezi 60 inaendeshwa na kitu hicho kimoja. Riba inateremka polepole, deni la msingi linapanda polepole, na jumla ya mstari haiguswi.

Watu husema benki "inakula riba yake kwanza". Naelewa kwa nini wanasema hivyo, lakini sivyo hesabu inavyokwenda. Hakuna riba ya mwaka wa tano iliyovutwa mbele. Kila mwezi unalipa riba ya mwezi ule tu, kwa deni ulilonalo mwezi ule, na mwanzoni deni ndiyo kwanza ni kubwa. Uchungu unatokana na muda. Mkopo wa miezi 60 una rejesho dogo, na rejesho dogo likishalipa kodi halibakishi kitu kikubwa. Kwa shangazi, riba ilikuwa zaidi ya nusu ya kila rejesho mpaka la 14. La 15 ndilo la kwanza ambalo deni la msingi lilipata fungu kubwa kuliko riba. Na deni lenyewe halifiki nusu, yaani milioni tano, mpaka rejesho la 37.

Basi mwaka wake wa kwanza: amelipa 3,047,208. Riba imechukua 1,691,782, deni la msingi limepata 1,355,426, na mstari wa 12 unaonyesha deni la 8,644,574. Ile "milioni moja na kitu" aliyoiona ndiyo hiyo.

Lakini kabla sijampigia nilihangaika na mstari wa saba. Kwenye picha, deni lililobaki lilisomeka 9,288,892. Mkunjo wa karatasi ulikuwa umepita papo hapo, na tatu iliyokunjika hufanana sana na nane. Ukisoma ratiba kwenye picha, usiamini jicho peke yake, kwa sababu jedwali hili lina njia ya kujisahihisha. Deni la mstari wa juu, ukitoa `Principal` ya mstari ulionao, lazima lizae deni la mstari ulionao. Mstari wa sita deni lilikuwa 9,352,538, na la msingi katika mstari wa saba ni 113,646. Toa, unapata 9,238,892. Ilikuwa tatu.

Hitilafu nyengine ya picha ni mbaya zaidi kwa kuwa haionekani kama hitilafu. Mtu akipiga picha kutoka ubavuni, mistari inalala upande, na jicho linaanza mstari wa nane upande wa kushoto kisha linamalizia kwenye deni la mstari wa tisa upande wa kulia. Tarakimu zote ni safi, ila si za mstari mmoja. Dalili yake ni ileile, kutoa hakukubali. Hapo zungusha picha ikae sawa, au weka ukingo wa karatasi nyeupe chini ya mstari unaousoma. Na chunga nukta ya senti. Benki ikiandika 253,934.27 na nukta ikafifia kwenye picha, mtu anaweza kushtuka kwamba anakatwa milioni 25.

Riba nayo ina kipimo chake: deni la mstari wa juu mara 0.015, yaani ile asilimia moja na nusu ya mwezi. Deni la mstari wa pili, 9,790,573, linazaa 146,859, ndiyo riba ya mstari wa tatu. Kwenye ratiba yako ikipishana kwa elfu chache, huenda benki inahesabu siku badala ya miezi. Milioni 10 kwa siku 31 za mwezi ni riba ya 152,877, kwa siku 28 za Februari ni 138,082, na hapo huwezi kupata 150,000 kamili. Ikipishana sana kwenye mstari wa kwanza peke yake, angalia tarehe: ulichukua fedha lini, na rejesho la kwanza lilikatwa lini. Kama zimepita siku 50, riba ni ya siku 50. Mwenye kompyuta anaweza kuhakiki rejesho lenyewe kwenye Excel kwa kuandika:

```
=PMT(18%/12,60,-10000000)
```

Jibu ni 253,934.27.

Kuna ratiba moja ambayo haya yote hayaihusu, na utaitambua kwa jicho moja. Ukishuka kwenye safu ya riba ukakuta tarakimu ileile kuanzia juu mpaka chini, 150,000, 150,000, 150,000, basi riba inahesabiwa kwa mkopo wa awali bila kujali umeshalipa kiasi gani. Kwa milioni 10, asilimia 18, miaka mitano, hiyo ni riba ya milioni 9, wakati ya shangazi kwa miaka yote mitano ni milioni 5 na laki mbili na ushei. Asilimia iliyoandikwa kwenye tangazo ni ileile 18. Mimi nikiwa na dakika moja tu ya kutazama ratiba ya mtu, natazama safu hiyo.

Na kwa kuwa huku kwetu wengi hawataki riba kabisa, niseme neno juu ya murabaha. Pale benki inanunua kitu, saruji na mabati mfano, kisha inakuuzia kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana siku ya mkataba. Bei ikishakubaliwa haipandi. Lakini ratiba yake huweza kuwa na safu ya faida inayoteremka vilevile kama riba ya shangazi, kwa sababu benki imeigawa faida yake kwenye miezi kwa mtindo huo. Ukitaka kumaliza mapema, uliza kama kuna punguzo la faida iliyobaki. Usilikisie kwa kusoma safu tu.

Nilimpigia shangazi asubuhi. Baada ya shikamoo na habari za wajukuu nikamweleza, akanyamaza, kisha akauliza swali lililo bora kuliko la kwanza: "Sasa nikipata fedha ya karafuu nikaitia huko?"

Mikarafuu ya marehemu baba yao ilikuwa imezaa vizuri, na mgao wake baada ya kuuza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ungefika milioni moja na zaidi. Nikamfanyia hesabu. Milioni moja ikiingia mara tu baada ya rejesho la 12, deni linashuka mpaka 7,644,574. Akiendelea kukatwa 253,934 ileile, badala ya marejesho 48 yaliyobaki atalipa 40 kamili na kipande kidogo. Riba anayoikwepa ni karibu 943,000. Milioni hiyohiyo akingoja kuitia mwisho wa mwaka wa nne, ataokoa kama 163,000 tu, maana miezi ambayo ingelipiwa kodi imeshapita.

Nikamwonya jambo moja, kwa kuwa limewahi kunifika mwenyewe. Niliwahi kupeleka fedha ya ziada kaunta bila kusema kitu, wakaiandika kama marejesho ya miezi ya mbele. Deni halikushuka siku ile, ikakaa tu ikisubiri zamu yake, mimi nikijipongeza. Inabidi uandike barua: fedha hii ipunguze deni la msingi, rejesho libaki lilelile, muda upungue. Kabla ya hapo usome mkataba kama kuna ada ya kulipa kabla ya wakati, uitoe kwenye faida unayoitarajia. Kisha udai ratiba mpya iliyochapishwa.

Picha ya ratiba mpya ilikuja wiki mbili baadaye, safari hii imepigwa mezani, mchana, karatasi haina mkunjo. Nikashuka moja kwa moja mpaka chini. Mstari wa mwisho ni wa 53, na rejesho lake ni shilingi 88,240.