Fosfeti ya NADPH si betri

Kuna sentensi inayotoka kwenye madaftari ya skuli, ikapanda hadi slaidi za chuo, kisha ikarudi tena kwenye mtihani: "NADPH hutumika kujengea kwa sababu ina fosfeti ya ziada, kwa hiyo ina nguvu kuliko NADH." Nimeisahihisha mara nyingi kiasi kwamba kalamu nyekundu inaijua njia yenyewe. Leo naiandikia kwa kirefu, na atakayeirudia asiseme hakuambiwa.

NADH na NADPH ni molekuli mbili zinazobeba elektroni ndani ya seli: ya kwanza hutumika hasa kuvunjia chakula, ya pili hasa kujengea, na zikishatoa elektroni huitwa NAD⁺ na NADP⁺. Tuanze na pale fosfeti ilipo. Elektroni mbili za NADH hukaa kwenye pete ya nikotinamidi. Fosfeti ya NADPH iko upande wa pili kabisa wa molekuli, kwenye kaboni ya 2 ya ile ribosi inayobeba adenini. Ukipaka rangi tezi, omo haisikii. Potenshali sanifu, yaani kipimo cha msukumo wa elektroni ambacho kikiwa hasi zaidi msukumo ni mkubwa zaidi, ni milivolti −320 kwa NADH na −324 kwa NADPH. Tofauti ni milivolti 4, na hakuna seli itakayojenga mafuta kwa milivolti 4.

Halafu fosfeti yenyewe imefungwa kwa esta ya kawaida, ya aina ileile ya glukosi-6-fosfeti, si kwa kile kifungo cha fosfeti kwa fosfeti tunachokisifia kwenye ATP. Na kikubwa zaidi: NADPH ikishatoa elektroni zake inabaki NADP⁺, na fosfeti ikiwa palepale. Betri gani hiyo inayofanya kazi maisha yake yote bila kutoa chochote? Ni kweli seli hulipa ATP moja kuibandika fosfeti hiyo juu ya NAD⁺, lakini hulipa mara moja tu, kisha molekuli ileile huzunguka ikibeba elektroni safari nyingi.

Sasa nguvu inatoka wapi, maana ipo kweli? Inatoka kwenye uwiano. Fikiria matangi mawili yaliyojazwa kutoka kisima kimoja. Moja liko juu ya paa na limejaa pomoni. Jingine liko chini na karibu ni tupu. Maji ni yaleyale, lakini la juu linasukuma na la chini linapokea. Kwenye saitosoli ya ini, yaani ule ute wa ndani ya seli zake, NADP iko kama tangi la juu: NADPH ni kama mara 100 ya NADP⁺. NAD iko kinyume: NAD⁺ iliyo huru ni kama mara 700 ya NADH iliyo huru.

Hapo kwenye neno "huru" ndipo ninapokosa subira, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoteleza. Ukichukua ini, ukalisaga na kupima, hutapata 700. Utapata namba ndogo mno, chini ya 10 mara nyingi. Wengine wakiiona hiyo namba husema vitabu vimedanganya. Havikudanganya. NADH nyingi ndani ya seli imeshikwa na protini, na ukisaga unaifungua yote na kuihesabu kama vile ilikuwa inatembea. Kimeng'enya hakijali jumla, kinajali kile kinachoogelea mbele yake. Kuna na mitego miwili ya maabara. NADH hufa kwenye asidi na NAD⁺ hufa kwenye alkali ya moto, kwa hiyo kila moja inataka kuchujwa kwake. Na NADH na NADPH hufyonza mwanga sawasawa kwenye nanomita 340, hivyo mashine ya kupima mwanga peke yake haiwezi kukwambia umeshika ipi. Kinachoweza kuzitofautisha ni kimeng'enya kinachokubali moja na kuikataa nyingine.

Kwa hiyo mwanabiokemia Hans Krebs na wenzake walipita mlango wa nyuma mwaka 1967. Badala ya kupima NADH walipima laktati na piruvati, kwa hoja kwamba kimeng'enya kinachozigeuza kiko karibu na mizani, yaani pale kwenda na kurudi kunapolingana, na namba ya mizani yake inajulikana: 1.11 × 10⁻⁴ kwa pH 7. Tuseme laktati ni mara 13 ya piruvati. Hesabu ni hii:

```
[NAD+]/[NADH] = 1 / (13 × 1.11 × 10^-4) ≈ 690
```

Hiyo ndiyo 700 yetu. Mwaka 1969 kundi hilo likafanya hesabu ya namna hiyo kwa NADP. Hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu hulipitia kimyakimya: hakuna aliyezihesabu molekuli hizo moja moja. Namba zote mbili zinasimama juu ya dhana ya mizani na juu ya pH iliyokisiwa, na pH ikiteleza kidogo uwiano nao unateleza. Mimi naamini ukubwa wake, yaani mamia kwa upande mmoja na sehemu ya mia kwa upande wa pili. Tarakimu ya mwisho siipiganii.

Zitie sasa kwenye milivolti. Kwa nyuzijoto 37, kila uwiano ukikua mara 10 potenshali inasogea milivolti 31 hivi. NAD inapanda kutoka −320 hadi kama −232. NADP inashuka kutoka −324 hadi kama −386. Pengo ni milivolti 154, na kwa elektroni mbili hiyo ni kama kilojuli 30 kwa moli, karibu sawa na ATP moja kwa hali sanifu. Basi yule mwanafunzi hakukosea kusema kuna nguvu. Amekosea anwani.

Kwa nini matangi mawili, kwani moja halitoshi? Chukua hatua moja tu ya kuvunja sukari, ile ya kuoksidisha gliseraldehaidi-3-fosfeti, yaani kuinyang'anya elektroni. Kwa hali sanifu inadai kilojuli 6.3, yaani inapanda mlima. NAD⁺ ikiwa mara 700 ya NADH, uwiano huo peke yake unaivuta chini kilojuli 16.9, na hatua inateremka kwa 10.6. Sasa mlazimishe mtu wa kuvunja atumie tangi la NADP, lenye uwiano wa 0.01 wa NADP⁺ kwa NADPH. Badala ya kusaidiwa anaongezewa mzigo wa 11.9, na mlima unafika 18.2. Nimeyaacha makolezo mengine yalivyo, lakini maana iko wazi: tangi lililojaa halipokei. Na tangi tupu halisukumi, ndiyo maana mjenzi wa mafuta, anayehitaji NADPH 14 kwa kila palmitati, hawezi kwenda kuomba kwa NADH.

Jani la mkarafuu linaonyesha hili kuliko mchoro wowote. Kwenye saitosoli, sukari inapovunjwa, hatua hiyohiyo ya gliseraldehaidi hutumia NAD⁺. Ndani ya kloroplasti, sukari inapojengwa kwa mwanga, hatua ileile hurudi kinyumenyume, na kimeng'enya ndugu yake huchukua NADPH. Kemia ni moja, njia mbili, na kibebeo kimechaguliwa kwa kufuata upande wa safari.

Msinijie na ini. Najua. Ini linapotengeneza glukosi upya, hurudisha hatua hiyo kwa NADH, kwenye saitosoli ileile yenye uwiano wa 700. Huo ni ujenzi, na NADH ndiyo inayotumika. Linaweza kwa sababu hatua iko karibu na mizani na ATP inasukuma kutoka nyuma. Ndiyo maana naandika "hasa" na sitaki kuona "daima" kwenye karatasi ya mtu.

Tunafika kwenye kazi ya kweli ya fosfeti: ni alama ya kutambulishana. Vimeng'enya vingi vya kundi hili vina mkunjo wa protini uliopewa jina la mtafiti Michael Rossmann, na mwisho wa uzi wa pili wa mkunjo huo ndipo ribosi ya adenini inapokaa. Kimeng'enya cha NAD mara nyingi huweka aspartati au glutamati hapo. Chaji yake hasi hushikana na haidroksili za ribosi, na fosfeti, ambayo nayo ni hasi, ikija husukumwa. Kimeng'enya cha NADP huweka arginini au lisini, chaji chanya, inayoikumbatia fosfeti. Si imani tu: mwaka 1990 kina Scrutton, Berry na Perham walibadilisha asidi amino chache za mfuko huo kwenye kimeng'enya cha bakteria kilichozoea NADPH, nacho kikahamia NADH.

Kutambuana hakutoshi kama kuna bomba linalounganisha matangi. Kwa kuwa potenshali sanifu zinalingana, kimeng'enya huru cha kuhamisha elektroni kati ya NADH na NADP⁺ kingesawazisha viwango vyote viwili, na pengo lingekwisha. Saitosoli yetu haina bomba hilo. Mitokondria inalo, kwenye utando wa ndani, lakini limefungwa mota: hutumia protoni zinazorudi ndani ili kupandisha elektroni kutoka NADH kwenda NADPH. Na tangi la juu lina boya lake. Kimeng'enya cha G6PD, kinachofungua njia ya pentosi inayotengeneza NADPH kutoka kwenye glukosi, huzuiwa na NADPH yenyewe. Ikitumika, NADP⁺ inapanda, kizuizi kinalegea, na ujazaji unaanza.

Anayetaka kuona kwamba matangi hayaazimani aitazame seli nyekundu ya damu ya mtu mwenye upungufu wa G6PD, jambo ambalo kwetu visiwani, penye historia ndefu ya malaria, si geni. Seli hiyo haina mitokondria. NADPH yake inategemea njia ya pentosi, lakini NADH inayo, kwa sababu inavunja glukosi saa zote. Mtu huyo akipewa dawa inayooksidisha kama primakwini ya malaria kwa dozi ya siku nyingi, glutathioni, kinga ya seli dhidi ya kuoksidishwa, inaisha, kwa kuwa kimeng'enya cha kuirejesha kinataka NADPH. Seli zinapasuka, mkojo unakuwa mweusi, na NADH iko pale pale inatazama.

Methemoglobini, yaani hemoglobini iliyooksidishwa ikashindwa kubeba oksijeni, nayo inamaliza ubishi. Kwa kawaida huirekebisha kimeng'enya kinachotumia NADH, ndiyo maana upungufu wa G6PD peke yake hauijazi damu kwa methemoglobini. Lakini ikizidi, hospitali hutoa methilini buluu, miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, na dawa hiyo haipiti njia ya NADH. Inasubiri kimeng'enya kingine, cha NADPH, kiipunguze kwanza, yaani kiipe elektroni, ndipo ifanye kazi. Kwa mgonjwa wa G6PD haipunguzwi, inabaki katika umbo lake linalooksidisha, na inaanza kupasua seli ilizoletwa kuziokoa.