"Must" moja, vinyume vitatu

Katika swali la kugeuza sentensi, mwanafunzi hupewa sentensi ya Kiingereza, akaambiwa aiandike upya kwa kutumia neno fulani bila kubadili maana. Watunga mitihani wanalipenda sana neno "must", na linapoingia katika ukanushi ndipo alama zinapopotea. Kwa vijana wa twisheni hapa Ngamiani, Tanga, naona kosa lilelile likijirudia: wanachukua "must", wanaipachika "not" mbele yake, wanaamini kazi imekwisha. Kumbe "must" ina kazi mbili, na ukiikanusha inagawanyika njia tatu.

Kazi ya kwanza ni kueleza wajibu: "You must show your ticket." Abiria anaamriwa kuonyesha tiketi. Kazi ya pili ni kukisia kutokana na dalili: "You must be tired." Hapa hakuna anayeamriwa kuchoka. Msemaji ameona macho mekundu na mwayo, akafikia uamuzi. "Lazima" yetu hufanya kazi hizo hizo mbili. Tunasema "lazima ulipe nauli" na tunasema pia "lazima atakuwa amechoka", wala hakuna anayechanganyikiwa. Tukikanusha tunapata "si lazima ulipe", "usilipe", na "haiwezekani awe amechoka". Kiingereza nacho kina tatu: "needn't" pale wajibu unapoondolewa, "mustn't" pale jambo linapokatazwa, na "can't" pale makisio yanapokanushwa. Anayejiuliza kwanza kwa Kiswahili ni ipi kati ya hizo tatu anapunguza nusu ya makosa yake.

Ugumu huzidi jambo linapokuwa limeshapita. Tuchukue tukio moja tu na kulizungusha. Amina ameondoka Tanga mjini asubuhi kwenda Pangani, wingu limetanda, na ndugu zake waliobaki nyumbani wanauzungumzia mwavuli. Sentensi ya swali inasema: "I am sure that Amina took an umbrella to Pangani." Neno la kutumia ni "must". Jibu ni "Amina must have taken an umbrella to Pangani."

Mambo matatu yametokea hapo. Maneno "I am sure that" yametoka yote, kwa sababu uhakika wa msemaji sasa umo ndani ya "must". Ukiyaacha utakuwa umesema jambo moja mara mbili. Amina amehamia mwanzoni kuwa mtenda. Na "took" imegeuka kuwa "have taken". Hili la tatu ndilo linalohitaji kueleweka, maana ndilo linaloongoza mengine yote. Msemaji anakisia sasa hivi, kwa kuwa ameona mwavuli haupo nyuma ya mlango, lakini jambo analolikisia lilitokea asubuhi. "Must" inabeba makisio ya sasa. "Have" pamoja na umbo la tatu la kitenzi hubeba wakati uliopita. Ndiyo maana "must took" haiwezekani. "Must has taken" nayo ni kosa, hata kama Amina ni mtu mmoja, kwa kuwa baada ya "must" kitenzi hakifuati nafsi. Na "must have took" inakosa umbo la tatu.

Sasa tukanushe: "I am sure that Amina did not take an umbrella." Mwavuli upo pale pale nyuma ya mlango. Wengi huandika "mustn't have taken". Jibu linalotakiwa ni "Amina can't have taken an umbrella", na "couldn't have taken" inakubalika pia. Wamarekani husema "must not have taken" kwa maana hii hii, na kijana anayetazama filamu zao atakuwa ameisikia. Katika mitihani inayofuata Kiingereza cha Uingereza, kama yetu, andika "can't have". Kama sentensi ya swali inaanza na "Perhaps", uhakika umepungua, kwa hiyo tumia "may have taken" au "might have taken". Ukanushi wake ni "may not have taken". Usiweke "can't have" hapo, kwa sababu utakuwa umegeuza "huenda hakuchukua" kuwa "haiwezekani awe amechukua".

Mtego mkubwa zaidi uko katika sentensi hii: "It was necessary for Amina to take an umbrella." Mwanafunzi anaona wakati uliopita, anakumbuka "must have", anaandika "Amina must have taken an umbrella". Sentensi hiyo ni Kiingereza safi kabisa, ila imesema jambo jingine. "Must" ikifuatwa na "have" na umbo la tatu ni makisio, si wajibu. Wajibu uliopita husemwa kwa "had to": "Amina had to take an umbrella." Kipimo ninachowapa vijana ni kuuliza sentensi ya swali inamzungumzia nani. "I am sure" inahusu kichwa cha msemaji, yaani anachojua na anachokisia. "It was necessary" inahusu mzigo uliokuwa juu ya Amina mwenyewe. Swali likiwa la kichwa cha msemaji, nenda kwenye "have" na umbo la tatu. Likiwa la mzigo wa Amina, nenda kwenye "had to".

Kuna pahala pamoja ambapo kipimo hicho hakitoshi. Tuseme jua limewaka Pangani kutwa nzima, na swali linasema: "Amina took an umbrella, but it was not necessary." Hapa jibu ni "Amina needn't have taken an umbrella." Hili si makisio, ingawa lina "have". Linasema mambo mawili kwa pamoja: Amina aliuchukua, na haikuwa na haja. Ukiandika "Amina didn't need to take an umbrella", umesema tu kwamba haja haikuwapo. Kama aliuchukua au aliuacha, msomaji hajui. Kwa hiyo tazama kama swali linaeleza kuwa tendo lilifanyika. Kama lilifanyika bure, "needn't have" ndiyo inayobeba habari yote.

Ruhusa ina ugumu mmoja tu unaostahili kutajwa. Ruhusa ya jumla ya zamani husemwa kwa "could", lakini ruhusa iliyotolewa mara moja na ikatumika huhitaji "was allowed to". "The driver let Amina keep the umbrella inside the bus yesterday" inageuka kuwa "Amina was allowed to keep the umbrella inside the bus yesterday." Ukiweka "could" hapo utasikika umekosea. Katika ukanushi tofauti hiyo hupotea, na "couldn't keep" ni sahihi.

Kwa wanaojiandaa na mtihani wa Kembriji wa B2 First, kuna jambo la kuhesabu. Jibu katika nafasi iliyoachwa lisiwe chini ya maneno mawili wala lizidi matano, neno ulilopewa likiwemo. Maneno yaliyofupishwa huhesabiwa kama yameandikwa kwa urefu, kwa hiyo "needn't have taken" ni maneno manne. "Can't have taken" ni matatu tu, kwa sababu urefu wa "can't" ni "cannot", na hilo huandikwa neno moja.