Namba 750 haitaji mgodi

Tuelewane kwanza: 750 iliyogongwa ndani ya pete haisemi dhahabu imetoka wapi. Inasema sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu, yaani karati 18, basi. Hata mashine ya eksirei inasoma usafi tu. Dhahabu ya Geita ikishayeyushwa pamoja na bangili kuukuu, hakuna sonara wa kuzitenganisha.

Neno linaloniudhi zaidi ni "imerejelezwa". Mteja akilisikia anaona zebaki ya machimboni na magendo vimeshaoshwa. Lakini masonara wamekuwa wakiyeyusha dhahabu ya zamani siku zote, hata unga wa tupa hatuutupi. Ugumu uko kwenye karatasi. Mwongozo wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi wa nchi mbalimbali, kuhusu dhahabu, wa mwaka 2012, unahesabu asili ya dhahabu chakavu kuwa pale inapouzwa kwa msafishaji. Mjanja akichukua dhahabu mbichi ya magendo, akaisubu bangili za hovyo na kuziuza kama chakavu, yaliyotangulia yanafutika. Msafishaji makini humshtukia: chakavu halisi ina lehemu, mikwaruzo na karati za kila namna, si bangili arobaini za usafi uleule.

Kwa hiyo usimuulize sonara "ni safi?" Atasema ndiyo. Muulize: umenunua kwa nani, risiti iko wapi, na hiyo chakavu ilikuwa vito vilivyovaliwa au mabaki ya karakana? Mabaki ya karakana yanaweza kuwa yametoka mgodini mwezi uliopita. Na risiti nayo, nakiri, inakufikisha kwa muuzaji wa mwisho tu.

Mawe sitayachambua sana. Tanzanaiti inachimbwa Mirerani pekee, kwa hiyo jina lake linakutajia mahali, ila si nani aliyechimba wala alilipwa nini. Rubi ni ngumu zaidi: cheti cha maabara kuhusu nchi ni maoni ya mtaalamu.

Dhahabu ya zamani unayoijua kweli ni ya bibi yako. Hapo uliza: utayeyusha hii hii, au utanibadilishia? Wengi hubadilisha, na sababu ipo: risasi kidogo tu iliyojificha kwenye lehemu ya zamani inaifanya dhahabu ipasuke ikipitishwa kwenye rola.

Akiyeyusha ileile, piga hesabu mbele yake. Bangili ya karati 21 yenye gramu 10 ina dhahabu tupu gramu 8.75. Ukitaka karati 18, gawanya kwa 0.75: unapata gramu 11.67, kwa kuwa ataongeza fedha na shaba gramu 1.67. Akikurudishia pete na mabaki vyenye jumla ya gramu 10 za karati 18, dhahabu tupu iliyomo ni gramu 7.5. Gramu 1.25 imebaki mezani kwake, na upotevu wa kawaida wa tupa na msasa haufiki huko.